King'amuzi Kimoja, Runinga Mbili

Kabla ya tarehe 31 Desemba 2012, siku matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, nyumba yenye runinga tatu haikuwa na shida kubwa. Antena moja ilifungwa kwenye mlingoti wa mianzi, waya wake ukaingizwa ndani, fundi akaugawa kwa kidude cha bei ndogo, na kila chumba kikatafuta stesheni yake. Kila runinga ilikuwa na uwezo wa kuchambua mawimbi yenyewe. Ving'amuzi vilipoingia, kazi hiyo ikahamia kwenye kisanduku kimoja kilichokaa sebuleni. Kuugawa waya wa dishi hakusaidii tena, kwa sababu runinga ya chumbani haiwezi kufungua chaneli za kulipia. Kinachozifungua ni king'amuzi chenye kadi yake, na kinachotoka nyuma yake kwenye tundu la HDMI ni picha moja tu, ya chaneli moja, ile iliyochaguliwa wakati huo.

Naanza hapo kwa sababu watu wengi wanaoniuliza juu ya HDMI ya wayalesi wanataraji kitu ambacho kifaa hiki hakina. Wanadhani baba ataangalia mpira sebuleni huku mama akiangalia tamthilia chumbani, kwa king'amuzi kilekile. Haiwezekani. Kifaa kinabeba picha, hakibebi chaneli. Sebuleni pakiwa na mpira, na chumbani ni mpira. Chumbani wakibadilisha chaneli, sebuleni nao wamebadilishiwa. Kama nyumbani kwako ugomvi ni wa nani aangalie nini, kifaa hiki kitauhamisha ugomvi kutoka kwenye kochi moja hadi vyumba viwili, basi. Dawa ya ugomvi huo ni king'amuzi cha pili. DStv, kwa mfano, wana mpango wa XtraView unaounganisha ving'amuzi kwenye akaunti moja kwa nyongeza ya ada ya mwezi, na Azam wana programu yao ya AzamTV Max kwa mwenye intaneti. Lakini kama shida yako ni mahali pa kuangalia, yaani mgonjwa asiyeweza kukaa sebuleni, mzee anayelala mapema, au wewe mwenyewe unayetaka kumalizia taarifa ya habari kitandani, hapo HDMI ya wayalesi ina kazi ya kufanya.

Seti yenyewe ni vipande viwili. Kimoja ni kirushio, mara nyingi kimeandikwa TX, nacho huchomekwa kwenye king'amuzi. Cha pili ni kipokezi, RX, huchomekwa kwenye runinga ya chumbani. Kirushio kinaichukua picha na sauti, kinazibana zipungue ukubwa, kisha kinazirusha kwa mawimbi ya redio. Kipokezi kinazikunjua na kuipa runinga. Havitumii intaneti wala bando, hata kama mawimbi yake ni ya jamii moja na ya waifai. Rauta ikizimwa, picha inaendelea.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji afungue boksi kabla hujalipa. Kuna vidude vingi vimeandikwa maneno ya wayalesi na HDMI kwenye boksi moja, kumbe ni vya kurushia picha ya simu kwenye runinga. Hivyo huja kipande kimoja. Havina mahali pa kuchomeka king'amuzi, na hakuna fundi atakayevigeuza vifanye kazi hii. Seti unayoitaka ina vipande viwili, na kirushio chake ama kina tundu lililoandikwa HDMI IN ama kina kichwa cha kuchomeka moja kwa moja.

Kisha tazama mambo mawili kwenye kirushio hichohicho. La kwanza ni tundu la pili la HDMI, lililoandikwa LOOP OUT au HDMI OUT. King'amuzi chako kina tundu moja tu la HDMI, na sasa hivi linahudumia runinga ya sebuleni. Ukichomeka kirushio hapo, runinga ya sebuleni ibaki na nini? Hilo tundu la pili ndilo linalorudisha picha sebuleni kwa waya. Kirushio kisicho nalo kitakulazimu ununue kigawanyi cha HDMI, kile chenye mlango mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea, pamoja na umeme wake na waya wake. Kila kifaa unachoongeza katikati ni mahali pengine pa kuharibikia, kwa hiyo mimi naona afadhali kulipa zaidi kidogo upate chenye LOOP OUT.

La pili ni rimoti. Rimoti ya king'amuzi hupeleka mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo haupiti ukutani. Bila njia ya kuurudisha, mtu wa chumbani atakuwa anaita "badilisha!" kila baada ya dakika tano. Seti nzuri hushughulikia jambo hili: kipokezi cha chumbani kina jicho linalopokea mwanga wa rimoti, kinaugeuza kuwa mawimbi na kuurudisha sebuleni, na kirushio kinautoa tena kupitia waya mwembamba wenye kitaa kidogo mwishoni, unaobandikwa mbele ya king'amuzi. Tundu la waya huo huandikwa IR OUT. Kama boksi halina waya huo, liache. Lakini kwanza hakikisha rimoti yako ni ya mwanga. Baadhi ya ving'amuzi vipya vinavyotumia Android vina rimoti ya Bluetooth, na hiyo haitasikiliza waya wa IR kamwe.

Utaona pia maboksi yanayojigamba kwa 4K na kwa umbali wa mita 50, 100, hata 200. Kuhusu 4K, king'amuzi cha kawaida hakitoi picha hiyo, kwa hiyo utalipia usichokitumia. Kuhusu umbali, namba hiyo hupimwa uwanjani, pasipo ukuta wala kabati. Kinachokuhusu ni masafa ya mawimbi. Kifaa cha 5 GHz kinapenya kuta kadhaa. Kifaa cha 60 GHz kinatoa picha safi isiyochelewa, lakini ukuta wa tofali ukiwa katikati, kimekwisha. Hata mtu akipita mbele yake picha inaweza kukatika. Hicho ni cha chumba kimoja, king'amuzi upande huu na runinga upande ule. Kwa chumba kingine, nunua cha 5 GHz.

Sasa niieleze nyumba moja ya Kimara, kwa sababu karibu kila kinachoweza kusumbua kilijitokeza humo. Ni nyumba ya tofali za saruji, ya chini, yenye sebule mbele na korido inayoelekea vyumba vya nyuma. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa ametoka hospitali na mguu, hawezi kukaa kwenye kochi muda mrefu, na chumba chake ni cha mwisho upande wa kulia. Ukipima kwa kukata kuta moja kwa moja, kutoka king'amuzi hadi runinga yake ni kama mita tisa, na katikati kuna kuta mbili. Mwanawe alikuwa ameshanunua seti ya 5 GHz yenye LOOP OUT na waya wa IR. Alikuwa ameifunga mwenyewe, na picha ilikuwa ikiganda kila baada ya sekunde chache.

"Shikamoo, bibi. Naambiwa runinga inakusumbua."

"Marahaba, mwanangu. Hainisumbui, inanitania. Mtu anafungua mdomo aseme, anabaki hivyohivyo."

Katika hali ya namna hii, jambo la kwanza ni kuvileta vyote viwili katika chumba kimoja. Tuliibeba runinga ya bibi? Hapana, kipokezi kidogo kama kiganja, tukakileta sebuleni na kukichomeka kwenye tundu la pili la runinga kubwa, mita mbili kutoka kwenye kirushio. Jaribio hili linaamua nusu ya mambo. Picha ikiganda hata kwa mita mbili, kosa ni la umeme, la waya, au la kifaa chenyewe. Picha ikitulia, kifaa ni kizima na adui ni njia iliyopo kati ya vyumba. Pale Kimara haikutulia kabisa. Iliendelea dakika chache, taa ya kirushio ikazimika, ikawaka, na kila kitu kikaanza upya.

Hiyo taa inayozimika na kuwaka ni dalili ya njaa ya umeme. Tundu la HDMI lina umeme wa volti 5, lakini ni mdogo mno kuendesha redio, ndiyo maana kila kipande huja na waya wake wa USB. Kijana alikuwa ameuchomeka waya wa kirushio kwenye tundu la USB la king'amuzi ili kupunguza nyaya. Wazo si baya, ila matundu ya namna hiyo mara nyingi hutoa nusu ampea, na kirushio kinapoanza kurusha picha kinataka zaidi. Kinapata kiu, kinajizima, kinaanza tena. Tukatoa waya huo na kuuchomeka kwenye adapta ya simu ya ampea 2, iliyo kwenye ekstensheni moja na king'amuzi. Kuzimika kukaisha. Upande wa chumbani kipokezi unaweza kukilisha kwa USB ya runinga, mradi runinga hiyo inatoa umeme wa kutosha, na kuna faida kwamba runinga ikizimwa nacho kinalala. Kama kinasumbua, nacho kipe adapta yake. Usiinunue adapta ile nyepesi kama ganda la karanga inayouzwa barabarani. Namba iliyoandikwa juu yake na umeme unaotoka havifanani.

Baada ya hapo kipokezi kikarudi chumbani kwa bibi. Picha ikaja, nzuri zaidi kuliko mwanzo, lakini bado inavunjika vipandevipande mara kwa mara. Sasa tunajua ni njia. Kirushio kilikuwa kimewekwa nyuma ya runinga kubwa, kimeminywa kati ya bamba lake la chuma na ukuta. Mawimbi ya 5 GHz yana urefu wa sentimita sita hivi, na chuma chochote kipana kwake ni mlango uliofungwa. Ndani ya runinga kuna bamba la chuma karibu ukubwa wa kioo chote. Kwenye korido, usawa wa mstari uleule, kulikuwa na jokofu, na chumbani kwa bibi kuna kabati lenye kioo kikubwa cha kujitazamia. Watu wengi hawajui kwamba mgongo wa kioo hicho una rangi ya madini, na kwa mawimbi haya ni kama bati.

Ukuta wa tofali hutauhamisha, lakini kirushio kinahamishika. Tulitumia waya mfupi wa HDMI wa mita moja na nusu, tukakitoa kirushio mgongoni mwa runinga na kukiweka juu ya rafu ya pembeni, usawa wa kifua, upande wa ukuta unaotazama korido. Kule chumbani tukakitoa kipokezi nyuma ya runinga ya bibi na kukiweka juu ya ukingo wake, mbali na kioo cha kabati. Mstari kati ya viwili hivyo sasa ukapita juu ya jokofu. Picha ikatulia. Hatukununua kitu kipya zaidi ya huo waya mfupi. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa mtu akiona picha inaganda hukimbilia kununua kifaa cha umbali mkubwa zaidi, wakati kusogeza kirushio nusu mita kungemtosha. Waya huo mfupi pia unaliondolea tundu la king'amuzi uzito wa kubeba kirushio kinachoning'inia, na kirushio chenyewe hupata hewa. Hivi vidude hupata joto. Usivirundike juu ya king'amuzi ambacho nacho ni cha moto, wala usivifunike kwa kitambaa cha vitenge kile cha kupambia meza.

Kama rauta ya waifai iko jirani, itenge na kirushio angalau mita moja au mbili. Vyote vikiwa kwenye 5 GHz vinaweza kukanyagana, hasa jioni watu wote wanapokuwa nyumbani. Seti nyingi zina kitufe au menyu ya kubadilisha njia ya mawimbi, na inafaa kujaribu njia nyingine kabla ya kuilaumu seti.

Likabaki suala la picha yenyewe. Runinga ya sebuleni ilikuwa ya inchi 43, mpya, na ya bibi ilikuwa inchi 32 ya zamani. King'amuzi kinapowashwa huuliza runinga: unaweza kuonyesha nini? Kikiwa na runinga mbili tofauti, majibu yanagongana, na vingine huishia kutoa picha ambayo mojawapo ya runinga hizo haiwezi kuisoma. Njia fupi ni kuingia kwenye menyu ya king'amuzi na kukiamuru kitoe 720p badala ya kukiacha kichague. Runinga zote mbili zinaiweza, na mzigo wa kurusha unapungua, kwa hiyo hata kuganda kunapungua. Kwa inchi 32, mtu aliyelala kitandani mita tatu mbali hataona tofauti, na kwa mpira unaokimbia 720p haina aibu yoyote. Katika menyu hiyohiyo angalia mpangilio wa sauti. Picha ikifika chumbani bila sauti, mara nyingi king'amuzi kinatoa sauti ya Dolby ambayo kirushio hakiielewi. Kipeleke kwenye PCM au Stereo.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hilo kwa kuonekana. Skrini inakuwa nyeusi, au yanatokea maneno yenye HDCP ndani yake. Huo ni ulinzi wa picha dhidi ya kunakiliwa. King'amuzi hakitoi picha ya kulipia mpaka kila kifaa mbele yake kijitambulishe, na kimoja kikishindwa hata runinga ya sebuleni inaweza kunyimwa. Zima vyote, kisha washa kwa mpangilio: runinga zote mbili kwanza, halafu kipokezi na kirushio, na king'amuzi mwisho. Kikiwaka kikawakuta wote wako macho, utambulisho hupita. Kama kila siku lazima ufanye hivyo, seti hiyo haiendani na king'amuzi chako, irudishe dukani. Ndiyo sababu ya kumwomba muuzaji siku mbili tatu za kujaribu, na kuandikiwa kwenye risiti.

Waya wa IR tuliufunga mwisho. Kitaa chake kinatakiwa kitazamane na jicho la king'amuzi, ambalo limejificha nyuma ya plastiki nyeusi ya mbele. Ukimulika kwa tochi ya simu utaona doa dogo lenye weusi tofauti. Bandika kitaa hapo, usikizibe kabisa, ili rimoti ya sebuleni nayo ipate pa kuingilia. Ukitaka kujua kama waya unafanya kazi, mtu mmoja abonyeze rimoti chumbani huku mwingine akikitazama kitaa hicho kupitia kamera ya simu, hasa ya mbele. Kinapometa rangi ya zambarau, safari ya rimoti imekamilika, na kama king'amuzi hakitii basi kitaa hakijabandikwa mahali pake. Kisipometa, rudi nyuma: ielekeze rimoti yenyewe kwenye kamera, bonyeza. Labda ni betri tu. Kisha nunua rimoti ya pili. Kubeba moja huku na huko kunaua maana nzima ya zoezi.

Tulidhani tumemaliza. Kesho yake usiku bibi akapiga simu: tamthilia imefika patamu, skrini ikawa buluu. Ilikuwa saa nne, na baba wa nyumba alikuwa ameizima runinga ya sebuleni akaenda kulala. Runinga nyingi za siku hizi huzungumza na vifaa vilivyochomekwa kwa HDMI. Zikizimwa huviambia navyo vijizime, na king'amuzi kinachoelewa lugha hiyo kinatii. Kwenye Samsung mpangilio huo unaitwa Anynet+, kwenye LG ni SimpLink, kwenye Sony ni BRAVIA Sync, na kwingine utauona kama HDMI-CEC. Ingia kwenye mipangilio ya runinga kubwa, uuzime. Angalia pia kama king'amuzi chenyewe kimewekewa muda wa kujilaza kisipobonyezwa kwa saa kadhaa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mpangilio wa kuliondoa, nalo ni kuchelewa. Kubana na kukunjua picha kunakula muda. Kwa seti nyingi za 5 GHz ni sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Anayeangalia chumbani peke yake hatagundua, ila ataona rimoti inajibu kwa uvivu kidogo, na akibonyeza mara mbili kwa haraka atajikuta amepitiliza chaneli. Lakini milango ikiwa wazi na runinga zote zina sauti, mtangazaji atasikika kama yuko pangoni, kila neno linafuatwa na kivuli chake. Punguza sauti upande mmoja. Na kama vijana wanataka kuchomekea mashine ya gemu kwenye kirushio hicho, waambie mapema kwamba kidole na picha havitakwenda pamoja.

Picha ikikatika, usianze kuchomoachomoa. Nenda kwanza sebuleni. Runinga zote mbili zikivunjika picha kwa pamoja, au zote zikionyesha ujumbe wa king'amuzi kama ule wa E48-32 wa DStv, kosa liko kwenye dishi, kwenye waya wake, au ni mvua kubwa ya masika inayozuia mawimbi ya setilaiti, na seti yako haina hatia. Sebuleni pakiwa salama, soma kilichoandikwa chumbani. Runinga ikisema No Signal, haipati chochote kutoka kwa kipokezi: ama umechagua tundu la HDMI lisilo lake, ama kipokezi hakina umeme. Ukiona skrini ya kipokezi chenyewe, yenye nembo na maneno ya kusubiri kuunganishwa, basi kipokezi ni kizima na runinga inakiona, ila hakimpati mwenzake. Nenda kaangalie umeme wa kirushio, au uviunganishe upya kwa kile kitufe kidogo cha pembeni. Kikisema vimeshaungana lakini hakuna picha inayoingia, kagua waya kati ya king'amuzi na kirushio.

Kuna nyumba ambazo kifaa hiki sikishauri kabisa. Ghorofa ya zege yenye nondo zilizosukwa kati ya king'amuzi na runinga ni kizuizi kigumu, hasa kama vyumba havikupandiana. Banda la nyuma lililojengwa kwa mabati vivyo hivyo. Kuta zikizidi mbili au tatu nene, utakuwa unabahatisha. Huko waya bado ni mfalme. Waya wa HDMI wa kawaida huanza kusumbua ukizidi mita kumi hadi kumi na tano, lakini kuna seti zinazopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, na hizo hufika mita thelathini hadi sitini pasipo kujali tofali wala jokofu. Nyingi nazo zina IR. Kama nyumba ni yako na dari inaingilika, mwite fundi apitishe waya juu ya dari, mbali na nyaya za umeme, na utasahau kwamba kuna kifaa katikati. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, au anayehama kila mwaka, ndiye mwenye sababu ya kweli ya kununua ya wayalesi.

Na kwa wale wanaopiga hesabu ya kumrushia jirani ng'ambo ya uzio mgawane malipo ya mwezi, au kuongeza skrini ya pili kwenye kibanda umiza: kifurushi cha nyumbani ni cha kaya moja, na kuonyesha hadharani kuna malipo yake tofauti. Ukiacha hilo, uzio wa tofali pamoja na kuta mbili za nyumba ya jirani ni zaidi ya kile ambacho seti hizi zinaweza, hata boksi liseme mita 200.